Kisanduku hiki ni cha nani? Kuandaa karatasi ya kura ya chama kidogo

Kazi yetu sisi maofisa maendeleo ya jamii ni pamoja na kuitwa kusimamia uchaguzi wa vyama vidogo. Mara nyingi tunaitwa karatasi zikiwa zimeshachapwa, na hapo ndipo shida inapoanzia. Nitaeleza uchaguzi mmoja wa mwenyekiti katika chama cha wavuvi na wakaanga samaki hapa Bagamoyo, maana makosa yake karibu yote yalikuwa juu ya karatasi, wala si ya watu.

Wagombea walikuwa watatu. Kwa kuwa ni watu wa bahari, kamati iliwapa alama za kibahari: wa kwanza ngalawa, wa pili mashua, wa tatu jahazi. Picha zilipangwa kutoka juu kwenda chini, na chini ya kila picha kukawa na kisanduku kidogo cha kutia vema. Hakukuwa na mstari wa kutenganisha wagombea. Steshenari wakatoa fotokopi, kazi ikaisha.

Zilipigwa kura 61. Ngalawa ilipata 14, mashua 29, jahazi 11. Kura 7 zilikataliwa kwa sababu vema ilikuwa nje ya kisanduku. Watu wa mashua walishaanza kupiga vigelegele nilipoomba nizione zile 7. Zote zilikuwa na vema sehemu moja: juu ya picha ya ngalawa, mahali peupe pasipo na kisanduku.

Mtu anayetia vema juu ya picha ya kwanza anatwambia jambo. Ameielewa karatasi kwamba kisanduku cha mgombea kiko juu ya picha yake. Alipokosa kisanduku pale juu, akajitilia tu. Sasa fikiria mwenzake mwenye ufahamu huohuo, ila yeye anamtaka mtu wa jahazi. Kisanduku kilicho juu ya jahazi ndicho kilekile kilicho chini ya mashua. Atatia hapo, na kura itahesabiwa ya mashua bila mtu yeyote kushtuka. Kura zilizoharibika tunaziona, lakini kura iliyokwenda kwa mtu mwingine haionekani kabisa. Kwa hiyo mkihesabu, msizitupe zile mbovu haraka. Zitandazeni mezani mtazame alama zimeangukia wapi. Zikirundikana mahali pamoja, kosa ni la karatasi.

Chama kilikubali kurudia baada ya wiki mbili, kwa wagombea walewale, nasi tukaiandaa karatasi upya.

Tulianza na alama. Ngalawa, mashua na jahazi mvuvi hawezi kuvichanganya vikiwa majini. Vikiwa picha ya sentimita mbili iliyopita kwenye fotokopi hafifu, vyote ni tanga la pembe tatu juu ya kitu cheusi. Alama nzuri hutambulika kwa umbo lake la nje hata ukiijaza wino wote ikawa kivuli. Tukachagua mwavuli, ufunguo na ndoo. Havina uhusiano na bahari, na ndivyo tulivyotaka, kwa sababu alama si sifa ya mgombea. Katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965, wagombea wawili wa TANU katika jimbo walitofautishwa kwa jembe na nyumba. Leo jembe nisingelitia kwenye karatasi ya chama cha wavuvi, kwa kuwa liko pamoja na nyundo kwenye bendera ya CCM, na mtu atasoma siasa pasipokuwa na siasa.

Tuliponea chupuchupu kwenye taa. Mjumbe mmoja alipendekeza taa ya chemli, picha safi kabisa. Bahati nzuri tulikuwa na desturi ya kujaribu: unawaonyesha watu watano wasiohusika na kampeni, mmojammoja, unauliza "hii nini?", na wote wajibu kwa neno moja lilelile. Wote walisema taa. Ndipo bibi mmoja mkaanga samaki akacheka: "Sasa mkitangaza mchague taa, sisi tutatafuta samaki." Kwa wavuvi taa ni samaki pia, yule mpana mwenye mkia mrefu. Kumbe jaribio la macho halitoshi, inabidi neno nalo lisikike likitamkwa peke yake. Kaa na paa zina tatizo hilohilo.

Nani apate alama ipi, na nani akae juu, tuliamua kwa kuokota vikaratasi mbele ya wagombea wenyewe. Majina tuliyaandika yanavyojulikana, maana huku Pwani si ajabu kuwa na Juma Salimu akishindana na Salimu Juma, na mama anayejulikana kwa jina la mwanawe hatambuliki kwa lile la kwenye kitambulisho. Namba hatukuweka. Ukiweka 1, 2, 3, wapo watakaodhani wanatakiwa kupanga nafasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa nusu ya A4, ikisimama wima: upana sentimita 14.8, urefu 21. Juu tuliacha kama sentimita nne za jina la cheo na maelekezo ya mstari mmoja. Sehemu iliyobaki tuliigawa safu tatu zilizo sawa, zikitengwa kwa mistari minene kutoka ukingo hadi ukingo. Kila safu ilikuwa na picha kushoto, jina katikati, kisanduku kulia. Kwa mpangilio huo hakuna kisanduku kinachogombaniwa na picha mbili.

Kisanduku kuwa kulia kuna faida nyingine. Wengi hapa hupenda kutia dole gumba, na wino wa kidau haukauki upesi. Mtu akikunja karatasi kwa kuileta chini juu, wino wa safu ya kwanza hujipiga kwenye safu nyingine, nanyi mnakuta mtu "kachagua wawili". Tulielekeza karatasi ikunjwe kwanza kwa urefu, ukingo wa kulia ukutane na wa kushoto. Wino ukihama, unahamia kwenye picha ya mgombea yuleyule. Ukishakunja hivyo, mkunjo wa pili hauna madhara, kwa kuwa wino umeshafungiwa ndani.

Kabla ya kupiga kura tulikubaliana kwamba alama yoyote iliyo ndani ya safu ya mgombea mmoja tu ni halali. Isipokuwa X tuliiomba isitumike, kwani aliyepita shuleni anaijua kuwa ni kosa, na nimewahi kuona mtu kawapiga X wawili asiowataka akamwacha mtu wake mweupe. Mfano wa ukutani tuliuchora kwa chungu, kiti na saa, ili maelekezo yasigeuke kampeni.

Walikuja 59. Kura zilikuwa mwavuli 23, ufunguo 16, ndoo 19, na moja tu iliharibika. Mtu wa ufunguo ndiye aliyekuwa wa mashua, mwenye 29 za mwanzo. Siwezi kuapa kwamba kila kura iliyompungukia ilikuwa imepotea njia, maana wiki mbili zinatosha mtu kubadili nia.

Picha, hata iwe nzuri vipi, haimsaidii asiyeona. Mzee mmoja wa chama amepoteza macho. Tulikata kadibodi ya ukubwa wa karatasi, tukatoboa matundu matatu yaliyolingana na visanduku, na pembe ya juu kulia tukaikata ili ajue upande. Katibu alimsomea mpangilio mara mbili kutoka juu kwenda chini mbele ya wote, kisha mzee akaingia kwenye kituturi peke yake. Alikaa muda mrefu kidogo, akatoka na karatasi imekunjwa kwa urefu.