Asilimia 97 na asilimia 99.9 kwenye paketi ya kahawa iliyotolewa kafeini

Kahawa iliyotolewa kafeini bado ina kafeini. Ni kidogo, na kwa wanywaji wengi haina athari yoyote, lakini ipo. Hata hivyo bado nasikia wauzaji wakimwambia mteja kwamba kahawa hiyo haina hata chembe, na mteja anaondoka akiamini. Juu ya kosa hilo wanapandisha jingine: kwamba paketi iliyoandikwa asilimia 99.9 lazima iwe safi kuliko iliyoandikwa asilimia 97. Hilo la pili ndilo linaloniudhi, na ndilo nitakalolikalia. Lakini tuanzie kiwandani, maana kafeini inayobaki inatokana na jinsi inavyotolewa.

Kazi yote hufanyika kahawa ikiwa mbichi, kabla ya kukaangwa. Ukiilowesha kahawa iliyokwisha kukaangwa, harufu na ladha zake zitatoka pamoja na kafeini, nawe utabaki na makapi. Tatizo ni kwamba punje mbichi ni ngumu na kavu, unyevu wake ni kama asilimia 10 hadi 12 tu, na kafeini iliyo ndani imeshikamana na asidi za punje yenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kwa njia yoyote ile, ni kuipiga mvuke au kuilowesha kwa maji ya moto hadi ivimbe. Maji huilegeza kafeini na kuifungulia njia ya kutoka. Punje isiyovimba sawasawa itatoa kafeini ya pembeni na kubaki nayo katikati, hata uiache kwenye tangi muda gani.

Baada ya hapo kinatafutwa kitu cha kuibeba kafeini. Ludwig Roselius wa Bremen, Ujerumani, aliyeanzisha biashara ya kahawa hii mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia benzeni, ambayo baadaye ilibainika kuwa inasababisha saratani ikaachwa. Leo vinatumika vimiminika viwili vya kemikali, dikloromethani na ethili asetati, pia maji, na kaboni dayoksaidi iliyobanwa kwa kanieneo zaidi ya mara 70 ya ile ya hewa ya kawaida, hadi inakuwa si gesi kamili wala kimiminika kamili.

Kuhusu hofu kwamba kemikali hubaki kwenye kahawa nitasema kwa ufupi. Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Punje hupigwa mvuke tena baada ya kuoshwa, hukaushwa, kisha hukaangwa kwenye joto linalopita nyuzi 200. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu masalia yasiyozidi miligramu 2 kwa kilo ya kahawa iliyokaangwa; Marekani inaruhusu 10. Anayetaka kuikwepa kabisa anunue kahawa iliyotolewa kafeini kwa maji au kwa kaboni dayoksaidi. Ni uamuzi wake na una mantiki, ila asidhani kwamba kwa kubadili njia amepata kahawa yenye kafeini kidogo zaidi. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Njia ya maji inastahili maelezo marefu, kwa sababu watu huona ni jambo jepesi: loweka, mwaga, kausha. Ingekuwa hivyo, kahawa isingenyweka. Maji ya moto hayachagui. Hubeba kafeini, sukari, asidi na kila kinachoyeyuka. Kwa hiyo fungu la kwanza la punje hutolewa kafara. Hulowekwa hadi vyote vitoke, na punje zenyewe hutupwa. Maji yale hupitishwa kwenye mkaa uliotengenezwa maalumu kunasa kafeini, huku sehemu kubwa ya viambata vya ladha ikipita. Kinachopatikana ni maji mazito yaliyojaa kila kitu cha kahawa isipokuwa kafeini.

Sasa fungu la pili, ambalo ndilo litakalouzwa, huwekwa ndani ya maji hayo. Sukari na asidi zilizo kwenye punje hazina sababu ya kutoka, kwa kuwa nje ziko nyingi sawa na ndani. Kafeini tu ndiyo iko ndani na haiko nje, kwa hiyo inatoka. Maji yanazungushwa kwenda kwenye mkaa, yanaacha kafeini huko, yanarudi kwenye punje, na mzunguko unaendelea kwa saa nyingi. Mkaa ukishiba, kafeini hurudi tangini pamoja na maji, na hapo kipimo cha kafeini kwenye punje hukoma kushuka ingawa pampu inafanya kazi. Maji yakiwa mepesi kupita kiasi, punje hupoteza utamu na kikombe kinakuwa chembamba. Na kwa kuwa maji yale yale hutumika kwa fungu baada ya fungu, kahawa ya shamba moja inaweza kuchukua kidogo cha ladha ya iliyotangulia. Hili la mwisho husemwa mara chache, nami naona ndilo pungufu kubwa la njia hii kwa kahawa yenye ladha ya pekee.

Kwa nini basi wasiendelee kuzungusha hadi kafeini iishe? Kwa sababu kafeini hutoka kwa kufuata tofauti ya wingi kati ya ndani na nje. Kadiri inavyopungua ndani, ndivyo inavyotoka polepole. Ni kama kusuuza nguo yenye sabuni: maji ya kwanza hutoa povu jingi, ya pili kidogo, na hata ya tano bado yana utelezi. Tuchukulie kwamba kila kipindi cha saa kadhaa kinatoa nusu ya kafeini iliyopo. Kahawa ya arabika yenye asilimia 1.2 inashuka hadi 0.6, kisha 0.3, 0.15, 0.075, na kipindi cha tano inafika kama 0.037. Hapo imetoka takriban asilimia 97 ya kafeini ya mwanzo. Kipindi cha sita kinachukua muda ule ule lakini kinaondoa kiasi kidogo mno, huku punje ikizidi kuchoka na ladha kuvuja. Mtu wa kiwandani husimama pale sheria au mteja anaporidhika.

Na hapa ndipo tunafika kwenye asilimia zenyewe. Marekani kipimo kinachozoeleka ni kwamba angalau asilimia 97 ya kafeini iliyokuwamo iwe imetolewa. Ulaya huangaliwa kilichobaki: kafeini isizidi asilimia 0.1 ya uzito mkavu wa kahawa iliyokaangwa. Kipimo cha kwanza kinauliza umetoa kiasi gani. Cha pili kinauliza umebakiza kiasi gani. Mtu anayevilinganisha kana kwamba ni kipimo kimoja hajasoma alichoandikiwa.

Tupige hesabu kwa kikombe kinachotengenezwa kwa gramu 15 za kahawa iliyosagwa. Arabika ya kawaida yenye asilimia 1.2 ina miligramu 180 za kafeini ndani ya unga huo, na sehemu kubwa yake huingia kikombeni. Ikitolewa asilimia 97, inabaki asilimia 0.036, yaani miligramu 5 na kidogo. Robusta huwa na kafeini karibu mara mbili. Tuseme asilimia 2.2. Itoe asilimia 97 ile ile, itabaki 0.066, na unga wako una miligramu 10 hivi. Paketi mbili zina maandishi yale yale kabisa, lakini moja ina kafeini karibu mara mbili ya nyingine.

Sasa chukua paketi iliyoandikwa kwamba haina kafeini kwa asilimia 99.9. Kama maana yake ni uzito wa kahawa nzima, basi inakubali kafeini hadi asilimia 0.1, ambayo kwenye gramu 15 ni miligramu 15. Hiyo ni karibu mara tatu ya arabika ya asilimia 97 tuliyoipiga hesabu! Kwa kipimo hicho cha uzito, arabika ya kawaida ambayo haijaguswa ni asilimia 98.8 isiyo na kafeini. Jiulize kama ungeikubali sifa hiyo kwenye paketi. Kama maana ya 99.9 ni sehemu ya kafeini iliyoondolewa, basi ni kahawa safi sana. Namba peke yake haiwezi kukuambia ni ipi. Tafuta maneno yanayofuata namba: "ya kafeini imeondolewa" au "ya uzito". Yasipokuwapo, muulize muuzaji kafeini iliyobaki ni asilimia ngapi ya kahawa iliyokaangwa, na kama aina ni arabika, robusta au mchanganyiko.

Hata ukipata jibu, ujue ni wastani. Maabara husaga sampuli, huchemsha, hupima kwa kromatografia na kutoa namba moja kwa fungu zima. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walipima kahawa za aina hii kutoka migahawa mbalimbali, vikombe vikubwa vya karibu nusu lita, wakakuta kafeini kuanzia isiyopimika hadi miligramu 13.9. Kwa ulimi huwezi kubaini tofauti hiyo. Kafeini huchangia uchungu wa kahawa kwa sehemu ndogo tu, na uchungu mwingi unatokana na kukaanga. Anayedai anaonja na kujua kafeini imetoka kiasi gani, nisingemkabidhi afya ya mtu.

Kisha kuna kosa linalofanyika baada ya kiwanda, nalo linaweza kuzidi masalia yote niliyoyataja. Kinu cha kusagia hubakiza unga ndani yake. Kikitoka kusaga arabika ya kawaida na kubakiza gramu 2, kisha kikasaga iliyotolewa kafeini bila kusafishwa, gramu hizo 2 zinaongeza kikombe cha kwanza miligramu kama 24. Ile kahawa yenyewe ilikuwa na 5. Kwenye mgahawa, swali la maana zaidi si la jina la njia ya kiwandani bali kama wana kinu cha pekee kwa kahawa hii. Kama hawana, waombe wasage kiasi kidogo na kukitupa kwanza.

Anayekunywa vikombe viwili vya miligramu 5 jioni ili alale vizuri, kwa kawaida hana cha kuhofia. Lakini kuna hali ambayo sifuri inamaanisha sifuri: vipimo vya moyo vinavyotumia dawa ya adenosini. Kafeini huziba mahali ambapo dawa hiyo hufanyia kazi, na matokeo yanaweza kupotoka. Ndiyo maana wagonjwa huagizwa kuacha pia kahawa iliyotolewa kafeini kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kipimo, kulingana na hospitali. Agizo hilo lifuatwe kama lilivyo, hata kama paketi nyumbani imeandikwa 99.9.