Kutoweka kwa spishi: dodo na mamothi, nani aliwamaliza?

Spishi imetoweka pale mnyama wake wa mwisho anapokufa na hakuna mwingine aliyebaki popote. Siku hiyo ya mwisho yenyewe haielezi mengi. Cha kuuliza ni lini vifo vilianza kuwazidi watoto wanaozaliwa, na ni kitu gani kilichokuwa kimebadilika.

Tuanze na dodo, yule ndege, si embe. Alikuwa jamaa ya njiwa, mzito, asiyeweza kuruka, na aliishi kisiwani Morisi tu. Waholanzi walitia nanga huko mwaka 1598, na mara ya mwisho inayoaminika kuonekana kwake ni 1662. Ndiyo maana husemwa mabaharia walimla akaisha. Kumla walimla kweli. Ila wanaakiolojia waliochambua mabaki ya chakula kwenye ngome ya Waholanzi hawakukuta mfupa wa dodo, na walowezi wenyewe walikuwa wachache mno kukimaliza kisiwa kizima kwa marungu. Ukame nao haushikiki: kwenye kinamasi cha Mare aux Songes kuna mifupa ya dodo wengi waliokufa miaka elfu nne na zaidi iliyopita, maji yalipopungua, lakini spishi ilivuka salama.

Kilichokuwa kigeni ni abiria wa zile meli: panya, nguruwe, tumbili. Dodo alitaga chini, inasemekana yai moja tu, katika kisiwa ambacho hakikuwahi kuwa na mnyama wa kumwibia. Yai likiliwa kila mara, wazazi wanaweza kuendelea kutembea msituni miaka mingi huku ukoo umeshakwisha. Kwangu, hapo ndipo lilipo jibu.

Mamothi ni kesi ngumu zaidi. Tembo huyu mwenye manyoya aliishi kwenye nyika baridi za nyasi, na joto lilipopanda mwishoni mwa enzi ya barafu, nyasi zilipungua na misitu na matope vikasambaa. Lakini alishawahi kuvuka kipindi kingine cha joto, miaka kama 125,000 iliyopita. Safari hii kulikuwa na wawindaji wenye mikuki. Kwa mnyama anayezaa polepole kama tembo, kuua wachache kila mwaka kunatosha kuzamisha kundi lililokwisha kubanwa.

Hata hivyo, mkuki haukuhitajika kila mahali. Kwenye kisiwa cha St. Paul, karibu na Alaska, mamothi walidumu hadi miaka kama 5,600 iliyopita, na hakuna dalili ya watu huko wakati huo. Bahari ilipanda, kisiwa kikapungua, ziwa la maji baridi likawa kina kifupi na tope. Walikosa maji ya kunywa.