Jiwe la figo: kwa nini maji mengi hayalisukumi wakati limekwama

"Mume wangu analima tumbaku huku Urambo. Usiku mmoja ubavu wa kushoto ulimshika vibaya, tukamnywesha maji jagi zima ili jiwe lishuke, maumivu yakazidi na akatapika yote. Siti skani imeonyesha jiwe la milimita 6 karibu na kibofu. Mbona kila mtu anasema maji ndo dawa, na je lazima apasuliwe?"

Pole sana dada, na mpe pole mzee. Kwanza tuelewane kinachouma ni nini, maana hapo ndo watu wengi wanapopotea. Wengi wanadhani jiwe linauma kwa sababu lina ncha zinazokwaruza ndani. Lakini kuna watu wanakaa na mawe ndani ya figo miaka na miaka, mengine makubwa kabisa, na hawajui, mpaka siku wanapigwa ultrasaundi kwa shida nyingine ndo yanaonekana. Jiwe likiwa limetulia kwenye figo na mkojo unapita pembeni yake, mara nyingi halisemi kitu. Yale maumivu ya kugaagaa usiku yanakuja jiwe likishatoka kwenye figo, likaingia kwenye ureta, yaani ule mrija unaoshusha mkojo kwenda kwenye kibofu, na likaziba.

Ureta ina urefu wa sentimita 25 hadi 30 hivi lakini tundu lake ni milimita 3 au 4 tu, na ina sehemu tatu zilizobana zaidi: inapoanzia kwenye figo, inapovuka mishipa mikubwa ya damu ya kwenye nyonga, na inapoingia kwenye kibofu. Hii ya mwisho ndo nyembamba kuliko zote na ndipo mawe mengi yanapogota, ndipo na hili lenu lilipo.

Sasa chukua mpira wa kumwagilia, kitu kimekwama katikati na koki iko wazi. Upande wa mbele wa kizuizi hakuna shida, mpira umelegea. Upande wa nyuma ndo unavimba, unakakamaa, na kadiri koki inavyoendelea kutoa ndivyo unavyozidi kuvimba. Figo ndo koki, haijui kama kule chini kumeziba, inaendelea kutengeneza mkojo. Mkojo unarudi juu, ureta inatanuka, kikombe cha ndani ya figo kinajaa, na lile ganda linaloifunika figo linavutwa. Mishipa ya fahamu ya maumivu imejaa kwenye kuta hizo na kwenye hilo ganda, na kinachoichokoza ni kule kuvutwa. Ndo maana ripoti ya ultrasaundi inaandika figo "imejaa maji", maana yake mkojo umekosa pa kwenda.

Alafu mwili wenyewe unaongeza tatizo. Figo ikibanwa inatoa kemikali zinaitwa prostaglandini, hizo zinapanua mishipa ya damu inayoingia kwenye figo, damu inaingia nyingi zaidi, mkojo unatengenezwa mwingi zaidi, presha inapanda tena. Hapo hapo misuli ya ureta inajikaza kwenye jiwe na ukuta unavimba, kwa hiyo njia inazidi kuwa nyembamba. Hii ndo sababu sindano ya diklofenaki inafanya kazi nzuri sana hapa, mara nyingi kuliko dawa kali za jamii ya mofini, kwa sababu haizimi tu hisia ya maumivu, inazuia hizo prostaglandini na presha inashuka. Ila mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu au mjamzito asichomwe bila daktari kujua hali yake, kwao kuna dawa nyingine.

Turudi kwenye jagi. Mtu atasema sawa, presha ikipanda si ndo italisukuma jiwe litoke? Inaingia akilini, lakini kuna mambo mawili yanaharibu hesabu hiyo. La kwanza, una figo mbili. Maji unayokunywa yanaingia kwenye damu, na damu inapita kwenye figo zote, ile iliyoziba baada ya muda inapunguza kuchuja kwa sababu ya presha, na ile nzima inabeba mzigo. Kwa hiyo maji mengi ya lile jagi, kama asingetapika, yangetokea kulia ambako hakuna jiwe. Ukiona anakojoa sana usidhani kushoto kumefunguka.

La pili, jiwe halishushwi na uzito wa maji. Linashushwa na ureta yenyewe, ambayo inajibana na kuachia kwa mawimbi kutoka juu kwenda chini. Ili wimbi lisukume lazima kuta zikutane, na mrija uliotanuliwa kupita kiasi hauwezi kukutanisha kuta vizuri, kwa hiyo nguvu ya kusukuma inapungua pale pale tunapodhani tunaiongeza. Majaribio yaliyolinganisha wagonjwa waliopewa dripu nyingi na waliopewa kidogo hayakuona tofauti ya maana, si kwenye maumivu wala kwenye jiwe kutoka. Ni majaribio machache na madogo, kwa hiyo nasema tu kwamba hakuna ushahidi kuwa kumjaza maji kunasaidia. Anywe kadiri ya kiu, na kama ametapika mpaka amekauka basi dripu inamrudishia alichopoteza.

Kutapika kwenyewe kunatokea kwa sababu figo na tumbo vinachangia njia za mishipa ya fahamu, ndo maana wengine wanapimwa malaria kwanza, na kwa huku kwetu kupima ni sawa kabisa. Lakini maumivu haya yana tabia zake. Yanaanzia ubavuni nyuma, yanashuka kwenye kinena mpaka kwenye korodani au mashavu ya uke, na mgonjwa hatulii, anakaa anasimama anazunguka chumba kizima. Mwenye tumbo lililooza ndani, mfano kidole tumbo kimepasuka, yeye analala kimya hataki hata kitanda kitikisike. Jiwe likifika karibu na kibofu linaleta kubanwa mkojo kila dakika huku kinachotoka ni kidogo, na watu wanapewa dawa za yutiai bure. Damu kwenye mkojo inakuwepo kwa wengi lakini si wote, na kwa Tabora damu inaweza pia kuwa kichocho, kwa hiyo yenyewe peke yake haithibitishi jiwe. Ultrasaundi inaona figo kujaa lakini jiwe la katikati ya ureta inaweza kulikosa kabisa, siti skani ndo inaliona na kulipima.

Maji sasa, mahali pake ni kabla na baada, si wakati njia imeziba. Jiwe linaanza pale mkojo unapokuwa mzito mpaka chumvi kama kalsiamu na oksaleti zinashindwa kuyeyuka, zinajikusanya kuwa vichembe. Mtu anayeshinda shambani Septemba na Oktoba, au anayekesha kwenye mabani akichochea moto wa kukaushia tumbaku, jasho linabeba maji mengi na mkojo unaobaki ni kidogo na mweusi. Lengo ni kutoa mkojo lita 2 hadi 2.5 kwa siku, nasema kutoa sio kunywa, kwa hiyo mwenye kutoka jasho itambidi anywe zaidi ya lita 3, na siku moja moja akojolee kwenye dumu lenye alama ajue yuko wapi. Utafiti wa Italia uliochapishwa 1996 ulifuatilia kwa miaka 5 watu waliopata jiwe mara ya kwanza: walioongeza maji, jiwe lilirudi kwa kama 12 katika kila 100, wasioongeza ni 27. Apunguze chumvi pia, kwa sababu sodiamu ikitoka na mkojo inaondoka na kalsiamu. Ila msimkataze maziwa wala dagaa kwa kuogopa kalsiamu, kalsiamu ya kwenye chakula inashika oksaleti ya mchicha na karanga tumboni kabla haijafika kwenye figo, na ukiiondoa oksaleti nyingi zaidi inapita. Mwenye moyo unaoshindwa au figo zilizochoka asifuate hivi viwango, yeye maji yake anapangiwa.

Kuhusu kupasuliwa, jibu liko kwenye ukubwa, mahali lilipo, na kama kuna hatari. Mawe ya ureta yasiyozidi milimita 5 yanatoka yenyewe kwa kama watu 7 kati ya 10. Kati ya 5 na 10 ni karibu nusu kwa nusu, zaidi ya hapo ni nadra. La mzee ni 6 lakini liko chini kabisa, hiyo inamsaidia, na ndo aina ya jiwe ambalo daktari anaweza kumpa tamsulosini ilegeze misuli ya ureta. Kama maumivu yanatulizwa na hana homa, anaweza kusubiri wiki 4 hadi 6 huku akichunguzwa, na kila akikojoa achuje kwa kitambaa au chujio ili jiwe likitoka lihifadhiwe na kupimwa ni la aina gani.

Kitu kimoja nakusihi kwenye huko kusubiri: maumivu kuisha sio ushahidi kwamba jiwe limetoka. Inawezekana presha imeshuka kwa sababu figo imepunguza kazi, jiwe bado liko pale pale, na figo inaharibika kimya kimya. Kama hamjaliona jiwe kwenye chujio, picha irudiwe hata kama anajisikia mzima.

Na kuna hali ambazo hazisubiri hata kesho. Homa au kutetemeka baridi pamoja na ubavu kuuma maana yake mkojo uliofungiwa unaweza kuwa na usaha, bakteria wanaingia kwenye damu, na antibayotiki peke yake haitoshi mpaka mkojo ufunguliwe njia. Vilevile akikosa mkojo kabisa, au ana figo moja tu, au maumivu yanagoma kwa sindano. Hapo ni hospitali usiku huo huo. Kinachofanyika kwanza sio kulitoa jiwe, ni kupitisha mrija laini ndani ya ureta au kutoboa kupitia mgongoni mkojo utoke, jiwe litashughulikiwa akishapona.

Jiwe la ureta likigoma kutoka, siku hizi mara nyingi halihitaji kisu. Daktari anaingiza kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo, analivunja kwa leza na kutoa vipande. Mawe ya ndani ya figo yaliyo chini ya milimita 20 yanaweza kuvunjwa kwa mawimbi kutoka nje ya mwili au kwa kamera hiyo hiyo, na yaliyozidi 20 mara nyingi yanatolewa kwa tundu dogo mgongoni. Vifaa hivi viko zaidi hospitali kubwa za kanda na za taifa, kwa hiyo kutoka Urambo tegemeeni rufaa, na nendeni na siti skani mkononi.

Baada ya matibabu hayo wengi wanaachiwa ule mrija laini ndani, unaitwa stenti. Unaweza kumfanya akojoe mara kwa mara na asikie ubavu ukivuta akikojoa, hiyo ni kawaida. Lakini lazima utolewe, kawaida ndani ya wiki kadhaa na usivuke miezi 3 bila daktari kusema, kwa sababu ukisahaulika nao unaota mawe juu yake na kuutoa kunakuwa operesheni nyingine. Kabla hajaruhusiwa, tarehe ya kuutoa iandikwe kwenye kadi yake na wewe ubaki nayo kwenye simu yako.