Kwa nini "nimekumisi" ni tamu na "sori" ni chungu?

"Mume wangu akinitumia 'nimekumisi' natabasamu peke yangu dukani. Akinikosea halafu akaandika 'sori' tu, moyo unaungua. Si yote ni Kiingereza? Au mimi ndiye mwenye kasoro?"

Huna kasoro. Yatazame maneno yenyewe (nayaandika kwa tahajia yetu, ingawa kila mtu huchapa apendavyo). "Nimekumisi" ina ni-, ina -me-, ina -ku-. Kiingereza kimeingia na shina moja tu mwishoni, mengine yote ni Kiswahili. Mume yumo, wewe umo, na wakati umo. "Sori" haina mtu ndani yake. Nani kamkosea nani? Haisemi. Ilinganishe na "nisamehe": anayeomba anajitaja, na wewe ndiye unayeachiwa uamuzi. Na si suala la Kiingereza peke yake, maana hata "samahani", ambayo si Kiingereza, haina kiambishi cha mtu cha Kiswahili, ndiyo maana tunamwambia hata abiria tuliyemkanyaga kwenye daladala.

Mwanaisimu Mmarekani Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi, alieleza mwaka 1993 kwamba mtu anapochanganya lugha kwenye sentensi moja, lugha moja huwa ndiyo fremu inayoshika sarufi, na nyingine huchomekwa tu. Kwa "nimekumisi", fremu ni Kiswahili. Kwa "sori" iliyosimama peke yake hakuna fremu yoyote. Hapo ndipo mimi naona tofauti ya ladha inapoanzia, kwa sababu kitenzi chetu hakikubali kirahisi kuwasahau wahusika.

Chukua wanandoa hawa wa kutunga. Mume ni dereva wa watalii Arusha, mke ana duka la vitenge Moshi. Mume yuko Serengeti siku sita na wageni. Jumatatu anaandika: "Mama watoto, nimekumisi hadi basi. Netiweki ya huku ni ya kubahatisha, nikiipata nitakukol." Mke anaisoma mara mbili. Jumatano mke anauliza: "Baba, ada ya mtoto vipi? Mwalimu amepiga tena." Jibu linakuja: "Notidi." Baada ya dakika kumi: "Niko bizi, leita."

Mume hakuwa na nia mbaya. Tangu alfajiri amezungumza Kiingereza, simba yuko wapi, chakula saa ngapi, na kwa bosi wake "notidi" ni jibu zuri kabisa. Ila mke amepewa neno lilelile analopewa bosi. Kipimo changu ni hicho: je, ujumbe huu ungeweza kutumwa kwenye grupu la kazini bila kubadilisha herufi? Kama ndiyo, mpenzi ataulizia joto lilikokwenda.

Sasa tazama mke alivyojibu: "Sawa. Naomba unijulishe utakapokuwa na nafasi ya kuzungumza." Hakuna neno la Kiingereza hata moja, na ni baridi kuliko barafu ya Kibo. Hawa wawili wamezoea kuchanganya, kwa hiyo Kiswahili sanifu cha ghafla ni sawa na kumwita mtu kwa majina yake matatu. Kinachouma au kufurahisha ni kuhama kutoka kwenye mazoea yenu. Wapo wanaoanza kuandikiana Kiingereza kitupu siku wakinuniana, wakati wenzao hukitumia kwa utani tu.

"Sori" nayo ina siku zake. Umechelewa kujibu dakika tano? "Sori mama" inatosha, na ukiandika "nisamehe" atashtuka, atadhani kuna jambo kubwa unalitangulizia. Kiingereza pia ni pazia. Wengi huona wepesi kuandika "piriodi" kuliko "hedhi", maana neno la kigeni halibebi aibu tuliyolelewa nayo. Hapo kuchanganya si uzembe. Mtu anatafuta namna ya kusema jambo ambalo kwa Kiswahili lingemkwama kooni.

Dereva wetu alipofika Karatu, simu ikashika mtandao, akaandika: "Mama, nimezingua. Ada niliisahau kabisa, naituma sasa hivi. Nisamehe." Hela ikaingia kabla mke hajajibu. Jibu likaja baadaye kidogo: "Haya, chalii wangu. Na mimi nilikumisi. Ila hiyo notidi yako wabakishie wazungu."