Slapbeki: mwangwi mmoja mfupi na besi ya kupigwa makofi

Rokabili ni muziki uliozaliwa kusini mwa Marekani katikati ya miaka ya 1950, vijana weupe wa huko walipochanganya kantri ya kwao na bluzi ya majirani zao weusi. Ukiusikiliza, vitu viwili vinakufikia hata kabla hujashika maneno ya wimbo. Sauti ya mwimbaji inajirudia papo hapo, na chini ya gitaa kuna mlio mkavu, tak-tak, usiokoma. Hiyo sauti inayojirudia ndiyo slapbeki. Huo mlio ni wa besi kubwa ya mbao, ile ya kusimama.

Slapbeki ni mwangwi unaorudi mara moja tu, upesi, kisha basi. Katika studio ndogo ya Sam Phillips jijini Memphis ulitengenezwa kwa mashine mbili za tepu. Moja ilirekodi wimbo, nyingine kazi yake ilikuwa kuchelewesha sauti. Kwenye hiyo ya pili, sauti iliandikwa na kichwa cha kurekodia, na tepu iliposogea kidogo ikapita kwenye kichwa cha kusomea, ambacho kiliirudisha ikachanganywa na sauti iliyokuwa ikitoka kwa maikrofoni wakati huohuo. Chukua vichwa vilivyoachana sentimita 5, na tepu inayokimbia sentimita 38 kwa sekunde: sauti inarudi baada ya sekunde 0.13 hivi. Punguza mwendo wa tepu kwa nusu, na kuchelewa kunafika sekunde 0.26. Hapo sikio linaanza kusikia neno mara mbili, na utamu wote unapotea. Tena, ukiirudisha ile sauti iliyochelewa kwenye mashine hiyohiyo kwa wingi, inajirudia na kujirudia mpaka wimbo unageuka kelele. Na mwangwi ukishaingia kwenye tepu pamoja na kila kitu kingine, hautoki. Fundi alipaswa kuamua kiasi chake palepale, watu wakiimba.

Sasa besi. Mpigaji hadonoi nyuzi tu. Anauvuta uzi mbali na shingo ya chombo na kuuachia, uzi unarudi na kugonga mbao. Katikati ya noti na noti, anaipiga shingo hiyo kiganja. Kwa hiyo mkono mmoja unatoa noti nzito na mdundo wa dramu kwa pamoja. Tarehe 5 Julai 1954, Elvis Presley alipoirekodi "That's All Right" kwa Phillips, hapakuwa na mpiga dramu kabisa. Alikuwapo yeye na gitaa lake, Scotty Moore kwenye gitaa la umeme, na Bill Black kwenye besi. Isikilize rekodi hiyo ukiwa umesahau sauti ya Elvis kidogo, ufuate besi peke yake, utaona ni nani anayeusukuma wimbo.

Vitu hivi viwili vinafaana kwa sababu ya hesabu. Wimbo wa mapigo 200 kwa dakika una sekunde 0.3 kati ya pigo na pigo, na nusu yake ni 0.15. Mwangwi wa sekunde 0.13 unaangukia karibu na hapo katikati. Kila tak inazaa tak nyingine hafifu kwenye nafasi iliyokuwa tupu, na watu watatu wanasikika kama wanne au watano.

Pop ya kampuni kubwa wakati huo, tuseme ya mwimbaji Perry Como, nayo ilitumia mwangwi, tena kwa wingi. Tofauti ni aina yake. Walikuwa na chumba kitupu chenye kuta ngumu, ndani yake spika na maikrofoni. Sauti ilidunda huku na huko mpaka marudio yakayeyukiana kuwa mkia mrefu laini. Mkia huo unafuta makali ya herufi na kuifunika sauti pamoja na fidla na kwaya zilizopangwa kwenye karatasi noti kwa noti. Slapbeki inafanya kinyume: inaongeza makali. K na T za mwimbaji zinagonga mara mbili. Binafsi naona hapo ndipo wasikilizaji wengi wanapokosea, wakidhani rokabili ni pop iliyorekodiwa vibaya.

Kampuni ya rekodi ya RCA iligundua ugumu wa kuipata slapbeki Januari 1956, ilipokuwa imemchukua Elvis na kumrekodi "Heartbreak Hotel" jijini Nashville. Mwangwi walioutumia ulitoka kwenye korido ya jengo. Korido haitoi rudio moja, inatoa mkia, na ndiyo maana sauti kwenye rekodi ile inasikika kama inatoka mbali, mahali patupu. Bill Black alikuwapo bado, ila safari hii kulikuwa na piano na mpiga dramu. Rekodi iliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni moja.