Hamira kwenye lebo: ninavyosoma vifungashio vya mgonjwa wa jongo

Mgonjwa mmoja wa jongo, ugonjwa ambao wengi wanauita gauti, alifika kliniki akiwa na mkewe na kikapu kilichojaa vifungashio vitupu, kwa kuwa ndivyo ninavyowaagiza wagonjwa wangu wanapokuja mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 52, asidi ya yuriki katika damu yake ilikuwa miligramu 9.1 kwa desilita, na kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimevimba mara tatu katika mwaka huo. Maharage alikuwa ameacha, uyoga ameacha, maini hata kuyanusa hataki, na mkewe alikuwa ameondoa jikoni kila kipande cha kiungo cha mchuzi baada ya kusoma mahali fulani kwamba kina hamira. "Sasa dokta, tumebakiza nini?" aliniuliza mama yule, na sauti yake haikuficha uchovu.

Kabla sijaeleza tulichokikuta kikapuni, ni lazima niseme kile ambacho lebo haikuambii. Purini, ambazo ndizo mwili huzivunja na kuzigeuza kuwa asidi ya yuriki, ile ambayo ikizidi huleta jongo, hazimo katika jedwali la virutubishi lililo nyuma ya pakiti. Wapo wanaotazama mstari wa protini wakidhani unatosha kuwaongoza, lakini mstari huo unapotosha, kwa sababu yai na maziwa vina protini ya kutosha na purini kidogo mno. Purini hutoka katika vinasaba na viini vya seli. Kwa hiyo chakula chenye seli nyingi zilizosongamana, au seli zinazogawanyika kwa kasi, ndicho chenye purini nyingi. Ini ni hivyo. Hamira ni hivyo zaidi. Sehemu pekee ya lebo inayokusaidia, basi, ni orodha ya viambato.

Katika orodha hiyo, dondoo ya hamira husomeka kwa Kiingereza "yeast extract", kwa kuwa vifungashio vyetu vingi bado huandikwa kwa lugha hiyo. Hutengenezwa kwa kuiacha hamira ijimeng'enye yenyewe, kisha maganda ya seli huondolewa na kimiminika kinachobaki hukolezwa. Purini hubaki kwenye kimiminika hicho, na si kwa bahati mbaya: baadhi ya watengenezaji hutumia vimeng'enya kuzigeuza ziwe zile molekuli zinazoipa supu ladha nzito ya nyama. Molekuli hizohizo huuzwa pia zikiwa zimesafishwa, na kwenye lebo hupewa namba E627, E631 na E635. Wengi huzichanganya na E621, ambayo ni chumvi ya glutamati. Hiyo haina purini, na mwenye jongo hana sababu ya kuikimbia kwa ajili ya ugonjwa huu.

Kuliona jina si mwisho wa kazi, kwani linalofuata ni kukadiria kiasi, na hapo ndipo mama yule alipokosea. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza na chepesi mwisho. Kutokana na utaratibu huo unaweza kupiga hesabu ndogo ambayo mimi huifanya hata nikiwa dukani: kiambato kilicho katika nafasi ya tano hakiwezi kuzidi moja ya tano ya uzito wote, kwa sababu vinne vilivyokitangulia vyote vina uzito sawa nacho au zaidi. Tuliuchukua mfano wa kipande cha kiungo cha mchuzi chenye gramu 4. Cha kwanza kilikuwa chumvi, kisha wanga, mafuta, E621, na dondoo ya hamira ikawa ya tano. Kwa hiyo haikuweza kuzidi gramu 0.8. Hata tukichukulia kwamba dondoo hiyo ina purini gramu 3 katika kila gramu 100, kiwango kinachokaribia kile kilichopimwa katika hamira kavu ya bia, kipande kizima kingekuwa na miligramu 24 tu, na kipande hicho hupikia sufuria ya watu wanne. Miligramu 6 kwa mlaji si kitu cha kumfukuzisha mtu jikoni. Mwongozo wa Japani kuhusu jongo unashauri purini za chakula zisizidi miligramu 400 kwa siku, ilhali gramu 100 za ini la ng'ombe pekee zina zaidi ya 200.

Mkate nao niliurudisha mezani kwa hoja hiyohiyo, kwani hamira inayoumulia kilo nzima ya unga ni gramu chache tu.

Tulipofika chini ya kikapu tulikuta kopo ambalo mgonjwa hakulihesabu kuwa chakula. Vilikuwa vidonge vya hamira ya bia, alivyouziwa kama vitamini B za kumwondolea uchovu. Kiambato kilikuwa kimoja tu, na maelekezo yalisema vidonge 10 kwa siku, kila kimoja gramu 0.5. Nilimpa kalamu apige hesabu mwenyewe. Gramu 5 za hamira kavu, kwa kiwango kile tulichokitumia kwa kipande cha mchuzi, ni takriban miligramu 150 za purini kila siku, bila hata kuonja nyama. Aliitazama ile namba, akamtazama mkewe, kisha akacheka kwa uchungu.

Nyama za ndani zilizofungashwa huhitaji jicho la namna nyingine, kwa sababu mbele ya kopo huandikwa nyama ya kupaka au soseji, na ini, moyo au figo hutajwa nyuma kwa herufi ndogo. Ini likiwa la kwanza au la pili, rudisha kopo kwenye rafu. Sikubaliani, hata hivyo, na wanaoziweka nyama zote za ndani katika kapu moja: utumbo wa ng'ombe una kiasi cha miligramu 80 kwa gramu 100, kiasi ambacho hakizidi cha nyama ya kawaida. Samaki wadogo waliokaushwa na kuliwa wazima wana hatari zaidi kuliko utumbo, kwa kuwa maji yameondoka na purini zimebaki, pamoja na matumbo yao.

Njia hii ina mipaka yake. Viwango vya kimataifa vinaruhusu kiambato chenye mchanganyiko, kama vile unga wa kukolezea viazi vya kukaanga, kisifafanuliwe ndani yake kikiwa chini ya asilimia 5 ya chakula, hivyo dondoo ya hamira inaweza kuwemo bila kutajwa. Kwa kiasi hicho sina wasiwasi mkubwa. Wasiwasi wangu uko kwenye chupa za soda mbili alizokunywa kila siku, ambazo hazina purini hata chembe. Fruktozi iliyo katika sukari yake huulazimisha mwili, inapovunjwa kwenye ini, kuteketeza akiba ya nishati za seli, na mabaki yake huishia kuwa asidi ya yuriki. Kwa hiyo orodha ya viambato nisiyoiona hamira bado naisoma tena nikitafuta sukari.

Maharage nilimrudishia siku ileile, kwa kuwa tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi hazikuona purini za mimea zikiongeza jongo. Vidonge vya hamira na soda aliviacha. Baada ya miezi miwili asidi ya yuriki ilikuwa 8.2, na hilo ndilo ninalolitarajia, kwa kuwa sehemu kubwa ya asidi hiyo hutengenezwa na mwili wenyewe na chakula hushusha takriban miligramu moja. Lengo la tiba ni chini ya 6. Nilimwandikia barua kwa daktari wake, ambaye alimwanzishia alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki.