Kwa nini dozi ya TB iliyokatizwa huzaa TB sugu?

"Dawa zimenitoa kikohozi ndani ya mwezi mmoja. Nikiziacha sasa, huo usugu unatoka wapi?"

Kikohozi huisha mapema kuliko vimelea. Wiki za mwanzo dawa huua vile vinavyozaliana kwa kasi, na homa na jasho la usiku huondoka navyo. Vinavyobaki ni vichache na vimezubaa, na miezi iliyosalia ya dozi ipo kwa ajili yao.

Wengi hudhani kwamba mwili wa mgonjwa ndio unaozoea dawa. Sivyo. Kinachobadilika ni vimelea, tena mabadiliko huanza hata kabla ya kidonge cha kwanza. Pafu lililotoboka linaweza kubeba vimelea milioni 100 au zaidi. Kwa makadirio, kimoja katika kila milioni kimezaliwa na hitilafu inayokikinga dhidi ya isoniazidi, mojawapo ya dawa kuu za TB. Kwa rifampisini, dawa kuu nyingine, ni kimoja katika milioni 100. Kinachoshinda zote mbili kwa mkupuo kingetokea mara moja katika trilioni 100, idadi ambayo mapafu hayawezi kuibeba. Ndiyo maana miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne pamoja, na miezi minne inayofuata hubaki na mbili: isoniazidi na rifampisini.

Basi mchukue mgonjwa mwenye vimelea milioni 100. Kati yake, kama 100 havidhuriki na isoniazidi. Anameza, anapata nafuu, anaacha. Vilivyosalia vinaanza kuzaliana, takriban mara moja kwa siku, na safari hii wale sugu wana sehemu kubwa zaidi ya kundi. Anaumwa tena, anameza wiki chache, anaacha tena. Kila mzunguko unawaongezea nafasi. Ikifika siku ambapo karibu kundi zima la milioni 100 halijali isoniazidi, rifampisini inapigana peke yake katika ile miezi ya dawa mbili, na katika milioni 100 kimoja cha kuishinda kinatarajiwa kuwemo. Hicho kikizaliana, hiyo ndiyo TB sugu: isoniazidi na rifampisini zote zimeshindwa.

Naomba tusimrushie mgonjwa lawama zote. Mzunguko huohuo huletwa na dawa kuisha kituoni, dozi ndogo kuliko uzito wa mtu, au dawa hafifu. Isitoshe, aliyekwisha kuwa na vimelea sugu huwaambukiza wengine kwa hewa, hivyo mtu anaweza kuanza na TB sugu bila kuwahi kuruka hata kidonge kimoja. Dalili hazitofautiani na za TB ya kawaida. Kinachotambulisha ni makohozi: mashine ya GeneXpert huonyesha usugu wa rifampisini kwa muda usiozidi saa mbili.

Tanzania ilianza kutibu TB sugu mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro. Enzi hizo matibabu duniani yalichukua miezi 18 hadi 24, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya sindano kila siku, kama vile kanamisini, ambazo ziliwaacha baadhi ya wagonjwa viziwi maisha yao yote. Mtu aliyeacha matibabu ya namna hiyo mimi namwelewa.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza BPaLM: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, vidonge vitupu kwa miezi 6. Katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini, Belarusi na Uzbekistani, matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 89 ya waliopewa dawa hizi, dhidi ya asilimia 52 ya waliotibiwa kwa njia za zamani. Hazitolewi kwa wajawazito wala walio chini ya miaka 14. Hao wana mpangilio mwingine.

Kufupishwa kwa dozi hakujaondoa hatari ya kuikatiza. Bedakwilini hukaa mwilini kwa miezi mingi baada ya kidonge cha mwisho, ilhali wenzake hutoka ndani ya siku chache. Anayeacha katikati hubaki na dawa moja, hafifu, ikikabiliana na vimelea vilivyosalia, na hali hiyo huwapa sugu nafasi ya kuongezeka. Tayari vimelea visivyojali bedakwilini vimepatikana Afrika Kusini na Msumbiji.

Inayowafanya wengi watamani kuacha ni linezolidi: ganzi au moto kwenye nyayo, damu kupungua, macho kufifia. Mwambie mhudumu mara tu dalili inapoanza. Daktari anaweza kupunguza linezolidi kutoka miligramu 600 hadi 300, au kuisimamisha, huku akiangalia damu na macho, na nyingine zikaendelea.